Kisu Huanza na Mtumishi

Likizo iliyopita mpwa wangu alikuja kukaa kwangu, tukaamua kuangalia filamu zote nane za Harry Potter, moja kila usiku. Usiku wa saba Dobby akafa. Kibwengo yule mwenye masikio kama mabawa ya popo alichomwa kisu kifuani akiwa ametoka kuwaokoa rafiki zake, akakata roho mchangani, mikononi mwa Harry. Mimi machozi yalinitoka. Kijana wangu alikuwa akitafuna bisi.

Akanigeukia akaniuliza, "Mjomba, huyu si yule wa filamu ya pili? Alikuwa wapi siku zote hizi?"

Sikumgombeza. Ningemgombeza vipi? Alimwona Dobby usiku wa pili. Usiku wa tatu hakumwona, wala wa nne, wala wa tano, wala wa sita. Usiku wa saba analetewa maiti na kuambiwa alie. Nani anamlilia mtu aliyekutana naye mara moja kituo cha basi?

Swali la mtoto yule limenikosesha usingizi, nami nataka likukoseshe na wewe, msomaji mwenzangu. Maana wewe na mimi tumezoea. Tunatoka kwenye filamu iliyotokana na riwaya tuliyoipenda, tunanung'unika njiani kwamba kuna kitu kimepungua, kisha tunasema "ndiyo filamu hiyo, ufanyeje", tunalala. Tunalala! Hatuulizi nani katolewa. Hatuulizi kazi yake kapewa nani. Hatuulizi kwa nini huwa ni watu wa namna ile ile.

Dobby alikuwa wapi? Nitakwambia. Dobby alikuwa kazini. Walimnyang'anya kazi yake wakampa mwingine.

Chukua kitabu cha nne, kile cha mashindano ya wachawi watatu. Harry anatakiwa akae saa nzima chini ya ziwa, na hajui atapumua vipi. Amepekua maktaba usiku kucha mpaka usingizi ukamchukua juu ya vitabu. Zikiwa zimebaki dakika chache mashindano yaanze, nani anamwamsha? Dobby. Ameyasikia mazungumzo ya walimu, ameiba gugu la majini kwenye stoo ya mwalimu mkali kuliko wote, amelileta mbio. Harry akilitafuna ataota matamvua kama samaki. Mtumishi wa jikoni, asiyehesabiwa na yeyote, ndiye anayemwokoa shujaa.

Katika filamu ya mwaka 2005 gugu lile linatolewa na Neville, mwanafunzi mwenzake.

Nenda kitabu cha tano. Wanafunzi wanatafuta mahali pa siri pa kujifunzia kupigana. Nani anawaambia habari za chumba kinachojitokeza kwa mwenye shida? Dobby. Vibwengo wa nyumbani wanakijua chumba kile kwa sababu wao ndio wanaolijua jengo, kona kwa kona, kama mfagizi anavyoijua shule kuliko mwalimu mkuu. Katika filamu ya mwaka 2007 chumba kinagunduliwa na nani? Neville tena.

Mara mbili! Na wala si mwandishi mmoja. Skripti ya filamu ya nne iliandikwa na Steve Kloves, ya tano Michael Goldenberg. Waandishi wawili, mkono mmoja.

Usinielewe vibaya, sisemi watu hawa hawajui kazi. Wanaijua sana. Hebu tuingie chumbani mwao tuone wanavyofanya, maana ukiona vyaelea, vimeundwa, na ukiona vimezama, navyo kuna aliyevitoboa.

Mwandishi wa skripti anahesabu dakika. Kipimo cha kazi yao ni kwamba ukurasa mmoja wa skripti hutoa takriban dakika moja ya filamu, na ukurasa wenyewe una maneno machache, nafasi nyingi tupu. Kitabu cha nne toleo la Uingereza kina kurasa 636. Filamu yake ina dakika 157. Palikuwa na wazo la kukigawa kiwe filamu mbili, likaachwa. Kwa hiyo kisu lazima kipite, na hilo simlaumu mtu.

Kisu kinapitaje? Mwandishi anaorodhesha matendo ya kisa kabla ya kuorodhesha watu. Gugu lazima lifike mkononi mwa Harry: hilo ni tendo, haliepukiki. Kisha anauliza, nani anaweza kulibeba? Kila mhusika mpya ana gharama. Anataka mwigizaji na malipo yake, anataka muda wa mtazamaji kumtambua uso na jina, anataka tukio la kumwingiza na lingine la kumuaga. Msomaji akisahau jina hurudi kurasa kumi nyuma. Mtazamaji hana pa kurudi. Dobby yeye ana gharama zaidi, kwani hana mwili. Kila sekunde yake hutengenezwa kwa kompyuta. Neville yupo, ana mwigizaji aliyekwisha kulipwa, watazamaji wanamjua, tena ni mpenzi wa mimea. Tendo linatolewa begani mwa Dobby, linatundikwa begani mwa Neville. Sekunde moja haipotei.

Na ni ujanja mzuri, nakiri. Riwaya yenyewe ilishaweka mbegu hiyo: mwalimu bandia alikuwa amempa Neville kitabu cha mimea ya majini, akitumaini Harry ataomba msaada kwa wenzake. Harry hakuomba. Kloves alikisoma kitabu vizuri, akauona mlango ulioachwa wazi, akapita.

Basi kosa liko wapi?

Liko kwenye kudhani kwamba mhusika ni begi la matendo. Mwaga matendo, tupa begi! Lakini tendo lile lile likifanywa na mtu mwingine huwa tendo jingine. Mwanafunzi akimsaidia mwanafunzi mwenzake kwenye mtihani, huo ni urafiki, nao ni mzuri. Mtumwa aliyeachwa huru akimwibia mwalimu ili amwokoe kijana aliyempatia uhuru, hapo pana deni, pana hatari, pana mapenzi ambayo hayajalipwa. Deni hilo linakua kitabu hadi kitabu. Katika kitabu cha sita Dobby anamfuatilia adui wa Harry bila kulala. Kitabu cha saba linalipwa kwa damu, na Harry anachimba kaburi kwa mikono yake, kwa koleo, bila uchawi, kwa sababu hilo ndilo pekee analoweza kumpa.

Filamu ya mwaka 2010 inalo kaburi hilo. Deni halimo. Ndiyo maana kijana wangu alikuwa akitafuna bisi.

Kisa hiki kina hasara mbaya kuliko ya machozi, nayo ndiyo iliyonifanya nikamate kalamu. Mpwa wangu hajui kwamba yupo mtumishi mwingine ambaye hakuonekana kabisa. Anaitwa Winky.

Winky ni kibwengo wa kike wa Bwana Crouch, ofisa mkubwa wa serikali, mtu wa sheria na masharubu yaliyonyooka kama rula. Bwana huyu alimfunga mwanawe mwenyewe gerezani mbele ya umati. Kisha, kwa siri, mke wake aliyekuwa akifa akaomba abadilishane na mtoto. Mama akabaki gerezani kwa sura ya mwanawe, akafia humo, akazikwa kwa jina la mwanawe. Mtoto akarudishwa nyumbani, akafichwa chini ya joho la kutoonekana, akatawaliwa kwa uchawi na baba yake miaka kadhaa. Nani alikuwa mlinzi wake, mlishaji wake, mwuguzi wake? Winky.

Winky akamwonea huruma. Akambembeleza bwana wake amruhusu kijana aende japo mara moja kuangalia mechi ya Kombe la Dunia. Bwana akakubali. Uwanjani, Winky, ambaye anaogopa kukaa juu, alikaa juu kabisa akilinda kiti kilichoonekana kitupu. Kijana alikuwa amekaa pale. Pale pale akaiba fimbo ya Harry, na usiku ule ile alama ya kutisha ikapanda angani. Bwana Crouch, ili kuficha siri yake, akamfukuza Winky mbele za watu, akimtoa kafara mtumishi kulinda jina lake. Akamfukuza mlinzi pekee aliyekuwa akimjua na kumzuia mwanawe. Baada ya hapo adui akaja mlangoni, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Umeliona jengo lilivyosimama? Baba anauawa na mwanawe kwa sababu alimtupa mtumishi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na Winky mwenyewe yuko jikoni shuleni, amelewa, analia karibu na moto, bado anatunza siri za bwana aliyemtupa. Siri yote ya kitabu imekaa kwenye kigoda jikoni! Kati ya wanafunzi, Hermione, rafiki wa Harry, ndiye anayejisumbua zaidi kumjali.

Sasa tazama filamu ilivyofanya. Winky hayupo. Mama aliyekufa gerezani hayupo. Kijana yupo tangu mwanzo, yuko huru, na mwisho wa filamu mwalimu mkuu anaagiza tu gereza lipewe taarifa kwamba mfungwa mmoja hayumo. Basi! Alitokaje? Hatuambiwi. Kwa nini baba yake ameuawa msituni? Tunabaki na kijana mwovu anayelambalamba midomo. Mwovu kwa sababu ni mwovu.

Hapo ndipo unapoweza kuligundua jeraha hata kama hujasoma kitabu. Pakitolewa mhusika wa mapambo, kama yule mcheza kamari Bagman wa kitabu hicho hicho, filamu hupona bila kovu. Pakitolewa mhusika aliyebeba sababu, filamu huanza kuchechemea: mtu anajua jambo ambalo hakuna aliyemweleza, mtu anafika mahali ambapo hakuna njia, mtu anakufa na hakuna anayeuliza kwa nini. Ukijikuta sebuleni unamwuliza jirani yako "kwani huyu katokea wapi?", usijilaumu kwamba ulisinzia. Kuna mtu amechinjwa kabla filamu haijaanza.

Na si kila kukata ni dhambi. The Godfather, riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, ina kurasa nyingi juu ya mwimbaji Johnny Fontane na maisha yake Hollywood, na nyingine juu ya Lucy Mancini na daktari wake. Puzo mwenyewe na Francis Ford Coppola wakazipunguza karibu zote kwa ajili ya filamu ya mwaka 1972. Nani anazililia? Kisa kilikuwa cha baba na wanawe, na kisu kikakiacha hivyo, kikiwa kimenyooka zaidi. Walijua mti ni upi na tawi ni lipi.

Wale wa Harry Potter walidhani jikoni ni tawi.

Rudi kitabu cha tano. Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, anaishi na kibwengo mzee aitwaye Kreacher, anamtukana, anamsukuma, anamfukuza kwa neno. Kreacher anakwenda kwa maadui. Siku ya hatari Harry anaita nyumbani kwa Sirius kupitia moto kuuliza kama yupo, na anayemjibu ni Kreacher. Kreacher anadanganya. Harry anakimbilia mtegoni, Sirius anamfuata kumwokoa, anakufa. Mwalimu mkuu baadaye anamwambia kijana aliyefiwa ukweli mchungu: Sirius hakumwona mtumishi wake kama kiumbe mwenye moyo, na hilo limemrudia.

Katika filamu Kreacher anapita akinung'unika ukumbini, basi. Uongo wake haupo. Sirius anakufa kwa bahati mbaya ya vita. Na hata huo upitaji tunaupata kwa hisani: watayarishaji wamesimulia kwamba skripti ilikuwa imemtoa Kreacher kabisa, mpaka J. K. Rowling alipowaonya kwamba wakimtoa watakwama filamu ya saba. Wakamrudisha, lakini kama mtu anavyorudisha msumari, kwa sababu utahitajika baadaye.

Nitawatetea kidogo hapa. Filamu ya nne ilipotoka mwaka 2005 kitabu cha saba hakikuwa kimechapishwa. Kilitoka mwaka 2007. Kloves alikuwa akikata nguo ambayo mshonaji hajaimaliza. Asingejua kwamba Dobby atakuja kufa, wala kwamba Ron, rafiki mwingine wa Harry, katikati ya vita vya mwisho, ndiye atakayekumbuka vibwengo wa jikoni na kutaka waokolewe, na kwamba kwa kukumbuka huko Hermione atamrukia na kumbusu kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu ya ubishi wao juu ya watumishi inaisha kwa busu lile. Filamu ina busu. Wanabusiana baada ya kulowa maji ya wimbi. Wimbi!

Kutojua kunamsamehe mtu kosa moja. Hakuelezi kwa nini, kila ilipofika zamu ya kuchagua nani aondoke, kidole kilielekea jikoni. Winky nje. Dobby nje mara tatu. Uongo wa Kreacher nje. Chama cha Hermione cha kuwatetea vibwengo, na kofia zake za sufu, nje. Huoni mpangilio hapo? Riwaya inasema kwa sauti kubwa: mabwana wataangushwa na watu wasiowaona. Na waandishi wa skripti, wakiwa wameishika riwaya hiyo mkononi, hawakuwaona.

Labda utaniambia hao ni vibwengo tu, mambo ya watoto wa Kizungu. Haya, nakuletea Afrika.

Half of a Yellow Sun, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2006 juu ya vita vya Biafra, inaanza na nani? Na Ugwu, kijana wa kijijini wa miaka kama kumi na mitatu, anayepelekwa na shangazi yake kuwa boi wa mhadhiri mjini Nsukka. Macho matatu yanatuonyesha vita vile: ya Ugwu, ya Olanna, na ya Richard, Mwingereza anayetaka kuandika. Katikati ya sura tunasomeshwa vipande vya kitabu kinachoandikwa juu ya vita hivyo hivyo, nasi tunadhani mwandishi ni Mwingereza. Tunadhani hivyo kwa sababu tumefundishwa kudhani hivyo! Mwisho tunagundua kwamba anayeandika ni boi. Na boi huyo si malaika. Amekamatwa kwa nguvu akatiwa jeshini, na humo ameshiriki kumbaka msichana wa baa. Akirudi kwao anakuta dada yake mwenyewe ametendewa vivyo hivyo na askari. Kalamu anayoishika ina uzito huo.

Filamu ya Biyi Bandele ya mwaka 2013 ina dakika 111. Ugwu yumo, ameigizwa na John Boyega, kijana hodari. Lakini kisa kimehamia kwenye mapenzi ya Olanna na yule mhadhiri, na Ugwu amerudishwa mlangoni na sinia. Dhambi yake ya vitani haimo. Fumbo la nani anaandika halimo. Mtazamaji hapati kofi lile la kugundua kwamba alikuwa akimdharau mwandishi mwenyewe.

Naelewa sababu. Nimekueleza dakika na gharama, na nyota wa filamu lazima apewe uso wake kwenye bango. Mtumishi husikiliza zaidi kuliko anavyosema, na kamera haijui kupiga picha ya kusikiliza kwa kurasa mia nne. Riwaya inaingia kichwani mwa aliyenyamaza, ndiyo kazi yake kuu. Filamu inabaki nje ikimwona mtu amesimama na sinia. Ugumu huo ni wa kweli. Lakini jambo likiwa gumu ndipo mwandishi anapolipwa! Kama angeanza kwa kusema "huyu hatoki, tutafute cha kukata kwingine", angekipata. Sherehe moja ingefupishwa. Mashindano ya joka yangekatwa dakika tatu. Winky asingehitaji zaidi ya hapo.

Na sisi, je? Riwaya zetu nazo zimeanza kufika kwenye skrini. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imekuwa filamu ya Amil Shivji mwaka 2021, na nyingine zitafuata, inshallah. Mna mpango gani, ndugu zangu? Mtakaa na bisi? Mtu akiichukua riwaya uliyokua nayo, kaa na kitabu mapajani. Hesabu nani hayupo. Kisha uliza alikuwa na kazi gani nyumbani kwa watu.

Asubuhi ya siku ya nane, kabla ya filamu ya mwisho, nilimpa mpwa wangu kitabu cha nne. Alikishika kama mtu aliyepewa tofali. Likizo ikaisha akaondoka nacho.

Jumapili iliyopita alinipigia simu usiku, mama yake anafoka kwa nyuma kwamba hajalala. Hakunisalimia. "Mjomba," akasema, "kile kiti kitupu uwanjani. Winky alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Akanyamaza kidogo. "Na hawakumwuliza?"

"Umefika ukurasa gani?"

"Bado yuko jikoni," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetafuna kitu.